Loki za madirisha ya alumini ya kusukuma: klipu, kresenti au ya ufunguo?

Dirisha la alumini la kusukuma lina njia tatu za kufunguliwa na mtu aliye nje bila kuvunja kioo. Anaweza kulitikisa mpaka loki iachie, anaweza kulinyanyua bawa likatoka kwenye reli yake, au anaweza kulisukuma bawa ambalo loki haikulishika kabisa. Watu wengi wakienda dukani wanafikiria hiyo ya kwanza tu, wanachagua loki inayoonekana nzito, kisha wanaifunga kwenye dirisha ambalo bado linanyanyuka. Mwongozo huu unalinganisha aina tatu za loki kwa kuangalia njia zote tatu, halafu unafuata dirisha moja la kawaida kutoka ukaguzi mpaka skrubu ya mwisho.

Tunazungumzia dirisha ambalo ni la kawaida sana kwenye nyumba za Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi: fremu moja, mabawa mawili ya kioo, na mara nyingi bawa la tatu la neti ya mbu. Bawa linalotembea kwenye reli ya upande wa chumbani tutaliita bawa la ndani, na lile la reli ya upande wa barabarani tutaliita bawa la nje. Dirisha likifungwa, nguzo moja ya bawa la ndani inakaa mbele ya nguzo ya bawa la nje katikati ya dirisha. Hizo ni nguzo za kati. Nguzo nyingine za mabawa hayo, zile zinazogusa fremu kushoto na kulia, ni nguzo za pembeni. Majina haya tutayarudia, kwa sababu kila aina ya loki ina nguzo yake.

Klipu

Klipu ndiyo loki ambayo dirisha huja nayo kutoka kwa fundi. Imezamishwa ndani ya nguzo ya pembeni, ina kitufe au kibao cha kuteleza, na ulimi wake unanasa kwenye ukingo wa fremu. Uzuri wake ni kwamba haijitokezi, kwa hiyo haigongi neti ya mbu, na aina nyingi hujifunga zenyewe ukisukuma bawa mpaka mwisho.

Udhaifu wake uko kwenye ulimi. Ni mfupi na unasukumwa na springi ndogo. Bawa likiwa limelegea kwenye reli, linaweza kurudi nyuma milimita chache kabla ya kugusa fremu, na milimita hizo chache mara nyingine ndizo urefu wote wa ulimi. Hapo kutikisa kunatosha. Klipu zenye mwili wa plastiki huongeza tatizo jingine: jua hukausha plastiki, sikio la skrubu linakatika, na loki inabaki inaning'inia ndani ya tundu lake huku kitufe bado kinabonyezeka vizuri. Mwenye nyumba anaamini amefunga.

Jambo la kukumbuka ni kwamba klipu moja inashika bawa moja tu. Dirisha la mabawa mawili yanayotembea linahitaji klipu mbili. Mafundi wengine, kupunguza gharama, huweka moja kwenye bawa la ndani na kuliacha bawa la nje huru. Mtu aliye nje analisukuma hilo bawa la nje kama mlango wa kabati, na nafasi ya nusu dirisha inafunguka bila loki kuguswa.

Ukibadilisha klipu, usinunue kwa kuangalia sura. Toa ya zamani, pima urefu na upana wa tundu lililokatwa kwenye nguzo, kisha pima umbali kati ya katikati ya tundu moja la skrubu na jingine. Vipimo hivyo vitatu lazima vilingane. Klipu ndefu kuliko tundu italazimu kukata alumini tena, na nguzo ikikatwa sana inapinda ukiivuta. Ukiwa na uchaguzi, chukua yenye ulimi wa chuma na mwili wa aloi ya zinki.

Kresenti

Hii ni ile yenye kichwa cha nusu duara kama mwezi mwandamo, na mkono wa kuzungusha. Mwili wake unafungwa kwenye nguzo ya kati ya bawa la ndani. Kipokezi, yaani kipande kidogo kinachonaswa, kinafungwa kwenye nguzo ya kati ya bawa la nje. Ukizungusha mkono, kichwa kinaingia nyuma ya kipokezi na kuyavuta mabawa mawili yakaribiane.

Mvuto huo ndio faida yake kubwa. Dirisha linaacha kugongagonga upepo ukivuma, vumbi linapungua, na kwa kuwa mabawa yote mawili yamefungwa pamoja huku kila moja limeegemea upande wake wa fremu, hakuna linaloweza kusogea. Kresenti moja inafanya kazi ambayo ingehitaji klipu mbili.

Lakini kwa usalama peke yake, kresenti si nzito kama inavyoonekana. Nguvu yake yote inaishia kwenye skrubu mbili za kipokezi, zilizoshika ukuta wa alumini wenye unene wa takriban milimita moja. Tena kresenti ya kawaida haina ufunguo, kwa hiyo anayevunja pembe ya kioo anaingiza mkono na kuizungusha. Zipo zenye ufunguo ambao unazuia mkono usizunguke. Hizo zinasaidia dhidi ya mkono ulioingizwa, ila kipokezi kinabaki kilekile.

Kosa la kawaida ni kichwa kupita juu ya kipokezi bila kukishika, au kukishika kwa ncha tu. Mkono unazunguka laini mno, na hiyo ndiyo dalili. Kresenti iliyokaa sawa inakaza kidogo katika robo ya mwisho ya mzunguko. Ikiwa hakuna mkazo, legeza skrubu za kipokezi, kisogeze kidogo kwenye vitundu vyake virefu, kaza, ujaribu tena. Kama kichwa kinagonga kipokezi juu au chini badala ya kukiingia, tatizo si loki. Bawa moja limeshuka kwa sababu ya magurudumu, na tutalifikia.

Kabla ya kununua angalia mambo mawili. Kwanza upande: kresenti nyingi zina ya kushoto na ya kulia, na ukiikosea mkono utafunga kwa kuzunguka kinyume, au hautafunga kabisa. Pili neti: ikiwa bawa la neti liko reli ya ndani kabisa, mkono wa kresenti unaweza kulizuia lisipite. Pima nafasi kati ya uso wa nguzo ya kati na neti, ulinganishe na kimo cha loki.

Ya ufunguo

Hapa kuna aina mbili tofauti kabisa zinazouzwa kwa jina moja.

Ya kwanza ni ya pini. Ni silinda ndogo inayofungwa juu ya nguzo ya kati ya bawa la ndani. Unaibonyeza kwa kidole, pini inapita kwenye tundu lililotobolewa katika nguzo hiyo na kuingia kwenye nguzo ya bawa la nje. Kuifungua kunahitaji ufunguo. Hii inajibu njia zote: haitikisiki ikaachia, inashika mabawa yote mawili, inazuia kunyanyua kwa kuwa pini imesimama ndani ya tundu, na mkono ulioingia kupitia kioo kilichovunjika haukuti kitu cha kuzungusha.

Ya pili ni ya kubana reli. Ni kipande kinachopandishwa juu ya ukingo wa reli na kukazwa kwa ufunguo. Haihitaji kutoboa, ndiyo maana wapangaji huipenda. Lakini inazuia bawa la reli hiyo peke yake. Ukiiweka kwenye reli ya ndani, bawa la nje bado linasukumika. Na huwezi kuiweka kwenye reli ya nje, kwa sababu sehemu ya reli hiyo iliyo wazi iko nyuma ya bawa la ndani, yaani nje ya nyumba. Hali ni hiyohiyo kwa wale wanaokata kipande cha mti au bomba na kukilaza kwenye reli: kinazuia bawa la ndani tu.

Dawa ya hapo ni rahisi na haina hasara kubwa. Lifunge bawa la nje lisitembee kabisa. Dirisha la mabawa mawili linafunguka nusu tu kwa wakati mmoja, hivyo ukiliacha bawa la ndani pekee litembee hupotezi hewa. Kona ndogo ya alumini ya milimita 20 kwa 20, urefu wa sentimita 4, ifungwe kwa skrubu kutoka upande wa chumbani, upande mmoja kwenye nguzo ya pembeni ya bawa la nje na mwingine kwenye fremu. Weka moja juu na moja chini. Utakachopoteza ni urahisi wa kusafisha kioo hicho kwa nje.

Ukiuliza tunachopendekeza: kwa dirisha la chini linalofikiwa kwa mkono kutoka nje, acha klipu au kresenti ifanye kazi ya kufunga kila siku, ongeza ya pini yenye ufunguo, na zuia kunyanyuka. Kwa dirisha la ghorofani lisilo na balkoni wala paa la kukanyaga, kresenti iliyokaa vizuri pamoja na kizuizi cha kunyanyua inatosha. Kwa nyumba ya kupanga, bana reli na omba ruhusa ya zile kona mbili.

Kazi yenyewe: dirisha moja kutoka mwanzo

Chukua dirisha la sebule la ghorofa ya chini, upana sentimita 150 na kimo sentimita 120. Mabawa yote mawili yanatembea, kila moja lina klipu, na klipu ya bawa la nje haishiki tena. Tunataka kubadilisha klipu hiyo, kuzuia mabawa yasinyanyuke, na kuongeza loki moja ya pini.

Vitu vinavyohitajika ni klipu moja yenye vipimo vya ile ya zamani, loki moja ya pini na skrubu zake, na skrubu sita za kujichimbia zenye unene wa milimita 4.2 na urefu wa milimita 19. Vifaa ni drili, biti ya milimita 3, biti ya milimita 3.2, biti inayolingana na tundu la pini kama ilivyoandikwa kwenye pakiti, panchi ya kutia alama, bisibisi ya nyota, tepu ya kupimia, tupa ndogo na tepu ya karatasi ya kunata. Chukua skrubu za chuma cha pua. Za chuma cha kawaida huota kutu haraka, na maeneo ya pwani kama Tanga, Zanzibar na Mombasa chumvi ya hewani huziozesha mpaka kichwa kinakatika ukitaka kuzitoa. Karibu na bahari daraja la 316 hudumu zaidi ya 304.

Anza na magurudumu, si loki. Safisha reli ya chini kwa brashi, toa mchanga na vijiwe, na hakikisha vitundu vya kutolea maji havijaziba. Funga bawa la ndani karibu kabisa na fremu, ukiacha ufa mwembamba, kisha pima ufa huo juu na chini. Tofauti ikizidi milimita 2, bawa limelala upande. Kwenye ncha za chini za bawa, pembeni, kuna tundu lenye skrubu ya kurekebisha gurudumu. Igeuze nusu mzunguko, pima tena, endelea mpaka ufa uwe sawa juu mpaka chini. Fanya hivyo kwa bawa la nje pia. Kama skrubu inazunguka bila bawa kupanda, gurudumu limevunjika na libadilishwe kwanza. Loki yoyote utakayoifunga kabla ya hatua hii itakuwa imefungwa mahali pasipo pake siku magurudumu yatakaporekebishwa.

Sasa jaribu kunyanyua. Funga dirisha, shika bawa kwa viganja viwili, linyanyue kwa nguvu. Karibu kila bawa litapanda kidogo, kwa kuwa ndivyo lilivyoingizwa: linasukumwa juu kwenye mfereji wa fremu kisha linashushwa kwenye reli ya chini. Swali ni kama linapanda kiasi cha magurudumu kutoka kwenye reli. Ikiwa ukiwa ndani unaona sehemu ya chini ya bawa inavuka ukingo wa reli, aliye nje naye anaweza kulitoa.

Kizuizi chake ni skrubu kwenye mfereji wa juu. Sukuma bawa la ndani mpaka lifunguke kabisa, ili sehemu ya mfereji ambako hukaa likifungwa iwe wazi. Tia alama tatu katikati ya mfereji huo: moja sentimita 10 kutoka fremu ya pembeni, moja sentimita 10 kabla ya kufika katikati ya dirisha, na ya tatu kati ya hizo. Toboa kwa biti ya milimita 3.2, ingiza skrubu lakini usikaze mpaka mwisho. Kichwa kinatakiwa kuning'inia. Mfano, kama nafasi kati ya dari ya mfereji na juu ya bawa ni milimita 12, kichwa kishuke milimita 10, kibaki na uwazi wa milimita 2. Rudisha bawa taratibu. Likigusa skrubu, kaza skrubu hiyo nusu mzunguko. Ukishamaliza, linyanyue tena: lipande kidogo likwame. Rudia kwa bawa la nje kwenye mfereji wake. Skrubu ziko upande wa kufungia tu, hivyo siku ya kuosha au kubadilisha gurudumu utalisukuma bawa upande wa wazi na kulitoa kama kawaida, ukiwa ndani.

Ikiwa biti inagonga zege juu ya fremu, usilazimishe kwa biti ya chuma. Tumia skrubu fupi ya milimita 13 yenye kichwa kipana, na ongeza washa chini ya kichwa mpaka upate kimo unachotaka.

Hatua inayofuata ni klipu. Fungua skrubu za ile mbovu, itoe, weka mpya kwenye tundu lile lile. Kama matundu ya skrubu yameliwa na skrubu zinazunguka bila kukaza, panda unene mpaka milimita 4.8. Usijaze gundi, haishiki mvuto. Kabla ya kukaza kabisa, funga bawa mara chache na usikilize ulimi unanasa wapi. Ukiwa umenasa, vuta bawa kuelekea katikati. Likirudi nyuma milimita 1 au 2 ni sawa. Likirudi zaidi, sogeza klipu, au angalia ukingo wa fremu ambao ulimi unanasa: baada ya miaka huwa umelika na kuwa mviringo, na hapo usogeze klipu juu au chini sentimita chache ipate ukingo mzima.

Mwisho ni loki ya pini, na hapa ndipo vioo huvunjika. Kioo hakiishii pale mpira unapoonekana. Kinaendelea ndani ya nguzo kiasi cha milimita 10 hivi. Kwa hiyo tundu la pini liwe angalau milimita 15 kutoka ukingo wa mpira, kwenye mabawa yote mawili, na skrubu za mwili wa loki zifuate kanuni hiyohiyo. Nguzo nyembamba mno isiyotoa nafasi hiyo haifai kwa loki ya pini. Usijaribu bahati.

Pima pia urefu wa pini kabla ya kulipa. Kama nguzo ya kati ya bawa la ndani ina kina cha milimita 22, na kati yake na nguzo ya nyuma kuna milimita 4, pini lazima ipite milimita 26, itoboe ukuta wa nguzo ya nyuma, na iingie ndani walau milimita 5 au 6. Chini ya takriban milimita 33, pini hiyo itashika ukuta mwembamba kwa ncha yake, au isifike kabisa. Ukikosa ndefu, rudi kwenye ile njia ya kona mbili na loki ya kubana reli.

Ikiwa vipimo vinakubali, funga dirisha, klipu zote mbili zinase. Weka mwili wa loki kwenye nguzo ya kati ya bawa la ndani, sentimita 15 kutoka chini, kwa sababu klipu tayari ziko usawa wa katikati na dirisha litakuwa limeshikwa sehemu mbili za kimo tofauti. Tia alama ya pini kwa panchi. Zungushia tepu ya karatasi kwenye biti ya milimita 3 mahali ambapo kina kinaishia, ili usitoboe mpaka upande wa nje wa nguzo ya nyuma na kufungua njia ya mvua. Toboa moja kwa moja kupitia nguzo zote mbili dirisha likiwa limefungwa vilevile. Kisha panua tundu kwa biti ya pini, safisha makapi kwa tupa, funga mwili kwa skrubu zake, bonyeza.

Pini ikiingia nusu na kukwama, tundu la nyuma halilingani na la mbele. Mara nyingi ni kwa sababu bawa lilisogea wakati wa kutoboa. Panua tundu la nguzo ya nyuma kwa tupa kidogo kidogo, nusu milimita kwa wakati. Usipanue la mbele, maana hilo ndilo linaloongoza pini.

Ukitaka kulala dirisha likiwa wazi kwa hewa, toboa tundu la pili kwenye bawa la nje ambalo pini itaingia dirisha likiwa limefunguliwa. Uwazi usizidi sentimita 10. Tundu hilo linaweza kuangukia kwenye kioo badala ya nguzo, basi angalia kwanza: mara nyingi nguzo ya nyuma inatosha uwazi wa sentimita 1 au 2 tu, na hapo loki ya kubana reli ndiyo inayofaa kwa kazi ya hewa.

Majaribio ni manne, yafanye ukiwa nje na mtu ndani. Tikisa kila bawa kwa sekunde 10 hivi. Linyanyue huku ukilivuta upande. Pitisha kadi ngumu ya plastiki kwenye ufa wa pembeni, usawa wa klipu, uone kama inafika kwenye ulimi. Halafu sukuma bawa la nje peke yake. Mwenzako wa ndani ndiye atakayeona loki ipi inacheza.

Kwa matunzo, puliza silikoni kavu kwenye klipu na reli, na unga wa grafiti kwenye tundu la ufunguo. Mafuta ya kula na grisi hukusanya vumbi na kuifanya springi ya klipu iwe nzito baada ya miezi michache. Kaza skrubu za kipokezi cha kresenti kila unapoosha madirisha, kwa sababu ndizo hulegea kwanza.

Funguo zinunuliwe za namba moja kwa madirisha yote ya nyumba, duka likiwa nazo. Tundika moja katika kila chumba, mahali ambapo mtoto mkubwa anapafikia gizani lakini mkono ulioingia dirishani haupafikii, walau mita moja na nusu kutoka kwenye kioo. Kama chumba kina nondo zisizofunguka, hilo dirisha si njia ya kutokea moto ukiwaka, hata ufunguo ukiwa kwenye loki. Hapo kinachotakiwa ni nondo zenye mlango wa bawaba kwa ndani, na ufunguo wa kufuli yake utundikwe mahali pale pale.